Mteja karidhika, kazi ya kwanza imekwisha: umwandikieje? Njia tatu za kuomba maneno yake na mtu wa pili

Kazi ya kwanza ya mteja inapokwisha vizuri, kuna mambo mawili ambayo fundi, mchoraji au mpiga picha huyatamani kutoka kwake. Anataka maneno ya mteja juu ya kazi, ili awaonyeshe wengine, na anataka aelekezwe kwa mtu wa pili mwenye haja kama ile. Kwa Kiswahili chetu yote mawili yana ugumu wa kuyataja. Ukimwandikia mtu "naomba ushuhuda", fikira zake zinakwenda kanisani au mahakamani. Ukimwambia "nipe rufaa", anadhani unaumwa au una kesi. Ndiyo maana katika jumbe zote hapa chini nimesema "maneno mawili juu ya kazi" na "unitaje kwa mwenzako". Mteja anaelewa mara moja, wala hahisi kwamba ameletewa fomu ya ofisi.

Mimi huchora lebo, menyu na vibao kwa biashara ndogo za hapa Mombasa. Njia ninazozilinganisha ni tatu, na zote nimezitumia kwa wateja mbalimbali: ujumbe mmoja wenye maombi yote mawili, jumbe mbili zilizoachana kwa siku kadhaa, na maswali matatu ambayo mteja huyajibu kwa sauti kisha mimi nikayapanga. Ili ulinganisho uwe wa haki nitaziandika zote kwa mteja mmoja. Ni mama anayetengeneza achari ya embe na mabuyu, anauza Kongowea na kusambaza kwenye maduka. Kazi ilikuwa lebo tatu, yaani achari ya kawaida, achari ya pilipili na mabuyu, pamoja na karatasi ya bei. Tulikubaliana shilingi 18,000, nusu mwanzo na nusu mwisho, na ilichukua wiki tatu.

Kwanza hakikisha karidhika

Wengi hukosea hapa, kabla hata ya kuchagua njia. Mtu mstaarabu hakwambii usoni kwamba kazi haikumpendeza. Atasema "ahsante sana, Mungu akuzidishie", kisha kazi inayofuata ampe mwingine. Kwa hiyo "ahsante" peke yake siihesabu. Mimi hutazama vitendo: salio limelipwa bila kukumbushwa, mteja ametuma picha ya bidhaa zikiwa rafuni bila kuombwa, au ameuliza bei ya kitu kingine. Nisipoona hata kimoja, natuma ujumbe wa kuuliza hali, usioomba chochote:

> Sabalkheri mama, umeamkaje? Zile lebo zimeonekanaje huko madukani? Kuna pahala zinabanduka au herufi hazisomeki? Nikijua mapema nitarekebisha.

Yule mama alijibu kwamba lebo za achari zinabanduka pembeni. Nikaenda kutazama. Alikuwa akijaza chupa kwanza na kubandika lebo baadaye, na mafuta ya achari yaliyochuruzika kwenye chupa yalikuwa yakizuia gundi kushika. Tukakubaliana lebo zibandikwe kwenye chupa kavu kabla ya kujazwa. Wiki moja baadaye akanitumia picha ya rafu ya duka, chupa zimepangwa, lebo zimekaa sawasawa. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kuomba. Ningeomba wiki moja kabla, ningekuwa namwomba anisifu kwa lebo zinazobanduka.

Kila kazi ina siku yake. Picha za harusi huthaminiwa siku mteja anapozifungua. Lebo hujulikana thamani yake mzigo wa kwanza ukishauzwa, kwa hiyo mimi husubiri wiki mbili au tatu. Na usiweke ombi hili ndani ya ujumbe wa kukumbusha salio. Niliwahi kufanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, kwa mwenye mkahawa mmoja: sentensi ya kwanza ilidai shilingi 6,000, ya pili iliomba maneno mazuri. Alilipa, lakini maneno hakuandika, na nilielewa kwa nini. Nilimfanya ahisi kwamba anadaiwa vitu viwili.

Vipimo vinne

Kila njia naipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni mzigo, yaani mteja anatakiwa afikiri na kuandika kiasi gani. La pili ni maneno yenyewe: je, utapata kitu mahususi kitakachomsaidia msomaji kuamua, au "kazi nzuri, ubarikiwe"? La tatu ni mtu wa pili: je, njia hii inafungua mlango wa kuelekezwa kwa mwingine? La nne ni uhusiano: mteja asipotaka, anaweza kukaa kimya bila ya nyinyi wawili kuoneana haya mkikutana sokoni?

Njia ya kwanza: ujumbe mmoja, maombi mawili

> Sabalkheri mama. Nashukuru kwa kazi ya lebo, na nimefurahi kuziona chupa rafuni. Nina maombi mawili, na lolote likikuwia zito liache tu. La kwanza, ukipata nafasi niandikie maneno mawili juu ya kazi ilivyokuwa, niyaweke kwenye ukurasa wangu. La pili, ukikutana na mwenzako anayeuza bidhaa zisizo na lebo, nitaje kwake. Ahsante, na biashara izidi.

*Mzigo.* Kwa macho ni mwepesi, kwani ni ujumbe mmoja na mteja hatasumbuliwa tena. Lakini kwa anayeupokea ni kazi mbili za aina tofauti. Moja inamtaka akae aandike, nyingine inamtaka awapitie watu wake kichwani. Wengi hufanya ile iliyo rahisi siku hiyo na nyingine ikapotea. Wengine huona zote mbili nzito na kuuweka ujumbe kando mpaka usiku, na usiku ukawa mwezi.

*Maneno.* Hapa ndipo njia hii ilipo dhaifu. Mteja hakuulizwa chochote mahususi, kwa hiyo anajibu kwa heshima tu: "Kazi safi sana, namshauri kila mtu." Maneno hayo ni ya kweli, ila yangeweza kumhusu fundi bomba.

*Mtu wa pili.* Si mbaya kama inavyodhaniwa. Mtu akiwa bado na furaha ya kazi, jina la mwenzake humjia papo hapo, na mimi nimewahi kupata nambari ya mteja wa pili ndani ya saa moja kwa ujumbe kama huu.

*Uhusiano.* Unaachilia vizuri. Sentensi ya "lolote likikuwia zito liache" humpa mteja njia ya kutoka bila kukosa adabu, na kwa kuwa hakuna ujumbe wa pili unaokuja, kimya chake hakimfuatilii.

Njia hii inamfaa mteja mwenye mazoea ya kuandika, mwenye haraka, au anayeondoka. Fikiria mpiga picha aliyefanya kazi na familia ya wageni waliopanga nyumba Diani kwa siku kumi. Wakishapanda ndege wamerudi kwenye maisha yao, na ukisema utaomba moja sasa na jingine baada ya wiki mbili, la pili utalituma kwa watu waliokwisha kukusahau. Inamfaa pia karani wa ofisi anayejibu barua pepe siku nzima, ambaye jumbe mbili zingemchosha kuliko mmoja.

Njia ya pili: jumbe mbili, kila moja na siku yake

Ujumbe wa kwanza unaomba maneno peke yake:

> Sabalkheri mama. Nimefurahi kuziona zile chupa rafuni. Naomba jambo moja tu. Ukikaa, niandikie sentensi mbili au tatu: kabla ya lebo mambo yalikuwaje, na sasa yakoje. Hata ukiandika kama unavyoniambia mimi inatosha.

Akishajibu, unamshukuru siku hiyohiyo. Kisha unakaa siku kumi hadi kumi na nne:

> Masalkheri mama, habari za Kongowea? Yale maneno yako nimeyaweka kwenye ukurasa wangu kama ulivyoyaandika. Nauliza kitu kimoja: pale sokoni kuna mwenzako anayefunga viungo kwenye paketi zisizo na jina? Kama yupo na unaona itamfaa, nitakuandikia ujumbe mfupi umpitishie. Kama hayupo, hakuna neno.

*Mzigo.* Kila ujumbe unaomba kitu kimoja, na mteja anajua akifanya hicho amemaliza. Mzigo wa kweli uko kwako wewe, kwani lazima ukumbuke. Mimi huandika tarehe ya ujumbe wa pili kwenye daftari la kazi siku ileile ninapotuma wa kwanza. Nilipokuwa siandiki, nilimtumia mwenye nyumba ya wageni kule Nyali ujumbe wa pili baada ya miezi miwili, na ilibidi nimkumbushe mimi ni nani. Hapo ombi la kutajwa kwa wengine lilikuwa limepoteza miguu.

*Maneno.* Ni bora kuliko njia ya kwanza, kwa sababu ya "kabla" na "sasa". Maneno hayo mawili humvuta mteja kwenye hadithi. Hata hivyo bado unamtaka aandike, na watu wengi wenye biashara sokoni huzungumza vizuri kuliko wanavyoandika. Utapata sentensi moja pale ambapo kwa mdomo ungepata tano.

*Mtu wa pili.* Kwa kipimo hiki njia ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Unapouliza, mteja amekwisha kukusemea vizuri kwa maandishi yake, kwa hiyo kukutaja kwa mwenzake si jambo jipya. Pia una nafasi ya kuuliza kwa umahususi. Linganisha "unitaje kwa yeyote" na "mwenzako anayefunga viungo kwenye paketi zisizo na jina". La kwanza halimleti mtu yeyote kichwani, la pili linamleta jirani wa kibanda cha tatu, na sura yake.

*Uhusiano.* Hapa pana hatari ndogo. Kama ujumbe wa kwanza haukujibiwa na wewe ukatuma wa pili, mteja atauona kama deni linalofuatwa. Kanuni yangu ni kwamba ujumbe wa kuomba mtu wa pili hauendi kwa ambaye hakujibu wa kwanza. Ruhusa ni kumkumbusha mara moja, baada ya siku saba hivi, kisha basi. Akisema "Inshallah nitakuandikia", pengine kweli ataandika na pengine anakukatalia kwa upole. Vyovyote iwavyo, jibu limekwisha kutolewa, na kumfuata tena ni kumlazimisha aseme hapana.

Inawafaa wenye wateja watakaorudi: anayetunza vibao vya hoteli ndogo, anayefunga hesabu za duka kila mwezi, anayeshona sare za shule. Mtakuwa mnazungumza tu, kwa hiyo ujumbe wa pili hautokei hewani.

Njia ya tatu: maswali matatu kwa sauti, wewe unapanga, yeye anaidhinisha

> Sabalkheri mama. Nataka kuwaonyesha wenye biashara wengine kazi ya lebo tuliyofanya, lakini nataka waisikie kwako, si kwangu. Ukikaa, nijibu haya matatu kwa sauti:
> 1. Kabla ya lebo, ni kitu gani kilikuwa kikikusumbua?
> 2. Kabla ya kunipa kazi, ulikuwa na wasiwasi gani?
> 3. Sasa ni kitu gani kimebadilika, kitu unachokiona kwa macho?
> Nitayaandika kwa maneno yako na kukurudishia uyasome. Hayaendi kwa mtu yeyote kabla hujaniambia sawa.

Huu niliutuma alasiri. Asubuhi Kongowea ni wakati wa mizigo na hakuna mwenye mkono mtupu; ukituma saa tatu asubuhi ujumbe wako unazikwa chini ya jumbe za wateja. Kwa wateja Waislamu naepuka pia mchana wa Ijumaa, na mwezi wa Ramadhani naepuka saa za kabla ya futari, hasa kwa watu wa vyakula.

*Mzigo.* Kwa mteja ni mwepesi kuliko zote. Mama alibonyeza kitufe, akaongea kwa dakika mbili hivi huku akifunga mabuyu, nikisikia nailoni ikichakacha. Kwako ni mzito: unasikiliza mara mbili tatu, unaandika, unapunguza, unarudisha. Mimi hutenga saa moja nzima.

*Maneno.* Hapa faida ni kubwa, na hatari vilevile ni kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Faida inatoka kwenye swali la pili. Mteja akitaja wasiwasi aliokuwa nao, msomaji mwenye wasiwasi uleule anajiona. Sifa tupu humfanya mtu ajiulize umemlipa nani aseme hivyo. Wasiwasi uliotajwa wazi na ukajibiwa humfanya aendelee kusoma.

Hatari ni kwamba kalamu iko mkononi mwako. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sentensi hii: "Tangu nipate lebo, wateja wameongezeka." Niliirudisha na mama akanijibu, tena kwa sauti: "Mwanangu, wateja kuongezeka sijui. Nilichosema ni kwamba chupa hazirudi." Nikasikiliza tena ule ujumbe wake, na kweli hakusema. Ni mimi niliyesikia nilichotaka kusikia. Toleo aliloliidhinisha ni hili:

> "Achari ya kawaida na ya pilipili zilikuwa chupa moja, kifuniko kimoja. Mwenye duka akimuuzia mtoto ile kali, kesho chupa inarudi kwangu. Niliogopa lebo zitanipandishia bei. Zimenigharimu shilingi tano kila chupa, lakini mzigo wote wa kwanza haikurudi hata moja kwa kukosewa." Mama muuza achari, Kongowea.

Tazama jinsi lilivyo na nguvu kuliko "wateja wameongezeka". Mwenye duka la viungo anayelisoma anajua gharama, anajua tatizo, anajua kilichobadilika. Na ni kweli tupu, kwa hiyo hata mtu akienda Kongowea kumuuliza, jibu ni lilelile.

Kujua kama umeingiza maneno yako, yaweke maneno ya wateja wako wawili kando kwa kando na ubadilishe majina. Yakiendelea kufaa, hayo ni maneno yako. Dalili nyingine ni mteja kujibu "sawa" sekunde chache baada ya kupokea rasimu ndefu: hajaisoma. Ndiyo maana siulizi "iko sawa?" Nauliza "kuna neno hapa ambalo hukulisema?" Swali la kwanza linaomba kibali, la pili linaomba kosa, na mtu akiombwa kosa hulitafuta.

*Mtu wa pili.* Njia hii haiombi mtu wa pili mwanzoni, na ukilisahau hilo itakuachia maneno mazuri bila ya mteja mpya. Nafasi yake ni pale mteja anapoidhinisha. Amekwisha kusikia hadithi yake mwenyewe imepangwa vizuri, na wengi hapo hutaja mtu bila kuulizwa. Asipotaja, unauliza ndani ya ujumbe wa shukrani, kwa umahususi uleule wa njia ya pili.

*Uhusiano.* Mteja anajiona ameheshimiwa, kwani umemsikiliza na umemrudishia. Lakini sauti ya mtu ni amana. Ule ujumbe wa sauti wenyewe usiuweke pahala popote wala usiwachezee wengine, hata kama ndio unaopendeza zaidi, mpaka umwombe kwa hilo peke yake na akubali.

Inamfaa mteja anayezungumza kuliko kuandika, na kazi ambayo thamani yake haionekani kwa picha: hesabu, ushauri, lebo, mafunzo. Haimfai mtu wa ofisi ambaye lazima maneno yake yapitie kwa mkubwa wake, kwani sauti haiwezi kupelekwa ngazi ya juu ikatiwa saini. Na haikufai wewe kama una wateja kumi wa kuwaandikia wiki hii.

Mambo yanayohusu njia zote

Ruhusa ni tofauti na maneno. Mtu kukuandikia "kazi nzuri" kwenye WhatsApp si kukubali kwamba uiweke mbele ya watu pamoja na jina lake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ambayo inataka ridhaa ya mtu iwe wazi na kwa jambo mahususi, na inampa haki ya kuiondoa baadaye. Kwa hiyo swali langu la ruhusa hutaja vitu vyake: "Niandike jina lako kamili, jina la biashara, au 'mama muuza achari, Kongowea'? Na picha ya bidhaa niiweke au niache?" Kina mama wengi niliowafanyia kazi huchagua jina la namna ya 'mama muuza achari', tena picha ya chupa bila ya picha yao. Maneno hayapungui uzito. Kama utaonyesha picha ya skrini ya mazungumzo, kata nambari na picha ya mwenyewe, na uhifadhi ule ujumbe wa ruhusa.

Halafu kuna ujumbe wa kupitisha. Katika njia yoyote, usimwombe mteja nambari za wenzake. Hiyo inamlazimisha kugawa nambari ya mtu bila idhini, na mwenzake akipigiwa ghafla hasira inamrudia yeye. Mpe yeye kitu cha kupitisha, kifupi, kilichoandikwa kana kwamba ni yeye anayesema:

> Huyu ndiye aliyenichorea lebo za achari. Anachora lebo, karatasi za bei na vibao vya duka. Zangu tatu zilichukua wiki tatu. Ukitaka muulize bei mwenyewe kwa nambari hii, kuuliza si kumpa kazi.

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofanya kazi kubwa. Watu wengi hawapigi simu kwa kuogopa kwamba wakishauliza wamejifunga.

Na kuhusu kutoa kitu: Mombasa kila mtu anamjua dalali, na mteja akikuletea kazi kubwa si ajabu kumpa ahsante, au kukubaliana wazi tangu mwanzo kwamba atapata kiasi fulani. Mwenye kuletwa naye ajue. Lakini kwa maneno usitoe kitu, si pesa wala punguzo. Google, kwa mfano, inakataza maoni ya biashara yanayotolewa kwa malipo au kwa punguzo, na inaweza kuyaondoa. Hata pasingekuwa na katazo, mama akijua kwamba sentensi zake zina bei, angeandika kwamba wateja wameongezeka.

Kwa hali yako

Kama mteja wako anaondoka mjini ndani ya siku chache, au mmezoea kuandikiana kwa ufupi, tuma ujumbe mmoja wenye yote mawili, na katika ombi la maneno muulize "kabla ilikuwaje na sasa ikoje" ili usipate baraka tupu.

Kama mtaendelea kufanya kazi pamoja, au unachokihitaji hasa ni mtu wa pili kuliko maneno, gawa mara mbili na uandike tarehe ya ujumbe wa pili leo.

Kama ukurasa wako hauna neno hata moja la mteja na huyu ni mzungumzaji, tumia maswali matatu. Maneno ya wateja wanne, ya namna ile ya mama wa achari, yatakutosha kwa mwaka, kwa hiyo si lazima kila mteja umfanyie kazi ya saa moja.

Kama mteja ni kampuni au shule, anza kwa kuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwa niaba yao, kisha tumia njia ya pili kwa barua pepe. Ombi la mtu wa pili lipeleke kwa yule mliyefanya naye kazi, binafsi, kwani taasisi haina rafiki wa kumtaja.

Kama amekwisha kukujibu "kazi safi, ahsante" na hujui uendelee vipi, usimwombe aandike upya. Mjibu kwa swali moja tu, lile la tatu: "Nashukuru mama. Ni kitu gani hasa kimebadilika tangu uzitumie?" Jibu lake la swali hilo ndilo utakalomwomba ruhusa ya kulitumia.

Na kama karidhika, anakusifu kwa kila mtu sokoni, ila hataki maneno yake yaandikwe pahala popote, mpe ule ujumbe wa kupitisha na uache habari ya ukurasa. Anayesema kwa mdomo kwa jirani wa kibanda cha tatu amekwisha kukupa lile la pili.